Rangi Mbili Zisizokutana Sawasawa: Kuipa Picha Sura ya Risografu

Mitihani mingi ya shule zetu huchapwa kwa mashine ya Risografu, ile ya kurudufu inayotoa karatasi kwa kasi na kuacha wino vidoleni ukiigusa mapema. Kampuni ya Riso Kagaku ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1986 kwa ajili ya ofisi na shule. Baadaye wachoraji na wapigapicha waliipenda kwa sababu ya alama inazoziacha kwenye picha: rangi chache zilizokolea, punje za wino, na rangi moja kukaa pembeni kidogo ya nyenzake. Sura hiyo leo hutengenezwa pia kwenye kompyuta. Wengi hupaka chembechembe juu ya picha ya kawaida wakaona wamemaliza, na matokeo yake huonekana ya bandia. Anayetaka sura ya kweli aijue kwanza mashine inavyofanya kazi, kisha aufuate mwendo wake.

Ndani ya mashine kuna ngoma yenye wino wa rangi moja. Picha inaposomwa, kichwa chenye joto hutoboa vitundu vidogo sana kwenye karatasi laini iitwayo masta, na masta hiyo huvikwa juu ya ngoma. Ngoma inapozunguka, wino hupenya kwenye vitundu na kuingia kwenye karatasi inayopita chini yake. Mahali penye kitundu pana wino, pasipo na kitundu pana karatasi tupu. Hakuna wino hafifu. Ukitaka rangi ya pili, ngoma hubadilishwa, masta nyingine hutobolewa, na karatasi zilezile hupitishwa upya. Zipo mashine zenye ngoma mbili, lakini hata humo kila rangi ina masta yake.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kuigawa picha moja ziwe mbili, kila moja ikieleza wino wake uende wapi. Tuchukue picha ya muuza maembe aliyevaa khanga ya buluu, amesimama mbele ya ukuta mweupe. Tutatumia wino wa buluu, #0078BF, na wa waridi unaong'aa, #FF48B0, na kazi tutaifanya kwenye GIMP, programu isiyolipiwa. Punguza picha iwe pikseli 874 kwa 1240, ambazo ni ukubwa wa A5 kwa pikseli 150 kila inchi.

Fungua `Colors > Components > Decompose` na uchague RGB. Utapata picha tatu za kijivu, zinazoonyesha kiasi cha mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Sehemu yenye giza ndiyo itakayopata wino. Picha ya mwanga mwekundu inafaa kuwa masta ya wino wa buluu, kwa kuwa khanga ya buluu ina wekundu mdogo, hivyo hutokea nyeusi humo. Kwa wino wa waridi, wengi huchukua picha ya mwanga wa kijani peke yake, na hapo ndipo maembe hupotea. Embe bivu lenye thamani 240, 180, 50 lina wekundu mwingi na kijani cha kutosha, kwa hiyo litapata asilimia 6 tu ya wino wa buluu na asilimia 29 ya waridi. Tunda lililokuwa kiini cha picha linakuwa kivuli hafifu karibu sawa na ukuta.

Tiba yake imo katika ile picha ya tatu. Embe lina mwanga wa buluu kidogo mno, hivyo humo ni jeusi. Iweke picha hiyo juu ya ile ya kijani, ipunguze uzito hadi nusu, kisha ziunganishe. Sasa embe linapata karibu nusu ya wino wa waridi na linasimama mbele ya ukuta. Uso wa muuzaji nao unapata wino wote wawili, huku waridi ukizidi, na hilo ndilo linaloupa joto. Manjano hautaipata, maana kwa wino hizi mbili haipo. Unachotafuta ni kila kitu kitengane na jirani yake.

Punje zinafuata. Fanya kila masta iwe faili lake. Kwenye `Colors > Levels` inua weusi wa matokeo kutoka 0 hadi 15 ili hata sehemu iliyojaa wino ibaki na vitobo vichache vyeupe, kama wino halisi usivyosambaa sawasawa. Ongeza vurugu kidogo kwa `Filters > Noise > RGB Noise`, kisha nenda `Image > Mode > Indexed`, chagua `Use black and white (1-bit) palette` pamoja na `Floyd-Steinberg (normal)`. Sasa kila pikseli ni nyeusi au nyeupe, na kijivu kimekuwa wingi au uchache wa nukta. Ukizitengeneza punje mara moja tu, kisha ukazitandaza juu ya rangi zote mbili, jicho litagundua, kwa sababu nukta zote zitakaa mahali pamoja. Kila masta iwe na punje zake.

Rudisha faili zote mbili kwenye RGB. Juu ya kila moja weka tabaka la rangi yake kwa namna ya `Screen`, uunganishe, na nukta nyeusi zitageuka kuwa za rangi hiyo. Kisha weka waridi juu ya buluu kwa namna ya `Multiply`. Nukta zinapopandana hutoa buluu ya giza, rangi ya tatu ambayo hukuimwaga popote. Hiyo ndiyo itakayobeba nywele na vivuli.

Mwisho ni kupishana. Karatasi ikipita mara ya pili, roli huivuta tofauti kidogo, na huenda imetanuka kwa unyevu wa wino wa kwanza. Ni kama khanga ambayo ua lake jekundu limetoka nje ya mstari mweusi: ua zima limesogea upande mmoja, wala halijafifia. Basi sogeza tabaka zima la waridi pikseli 3 kulia na 2 chini. Kwa ukubwa wetu, pikseli 3 ni nusu milimita. Tazama kitu cha waridi kinapopakana na buluu: upande mmoja uwe na uzi mweupe wa karatasi, upande wa pili uzi wa giza. Ukisogeza milimita mbili, macho ya muuzaji yanakuwa manne.

Hifadhi kama PNG, kwa kuwa JPEG hupaka matope kati ya nukta. Usilipunguze faili lililokwisha kupata punje, kwani nukta zitayeyuka ziwe kijivu au zijipange kwa mistari. Ukitaka kulikuza, zidisha mara mbili kwa `Interpolation: None`. Jua pia kwamba kioo cha simu hakiwezi kutoa mng'ao wa waridi ule kama ulivyo kwenye karatasi.

Ukitaka kuuona mng'ao huo, mpelekee mwenye mashine zile masta mbili za kijivu kabla hujazitia punje wala kuzisogeza, na umwambie ipi ni ya wino upi. Punje na kupishana mashine itavitoa yenyewe, na kila nakala itatofautiana kidogo na iliyotangulia.