Hamisheni Virago: Tangazo la Utani Habari Inapokuwa Nzito

Chukua ofisi moja ya Dar es Salaam, ya kubuni lakini ya kawaida kabisa. Siku ya Jumanne ofisa utawala anaweka tangazo kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi: “Wapendwa wa ghorofa ya pili, hamisheni virago! Jumatatu mnashuka chini kwa jirani zenu wa uhasibu. Mwenye makorokoro mengi akodi kirikuu. Chai juu ya bosi 😂.” Watu wanacheka. Alhamisi inafahamika kwamba ghorofa ile inaachwa kwa sababu mapato yameshuka, na kwamba menejimenti inafikiria kupunguza wafanyakazi. Sasa “hamisheni virago” inasomeka kama barua ya kufukuzwa kazi.

Mawazo ya kwanza ya wengi ni kufuta. WhatsApp inaruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 tu. Kufuta kwa wote kunawezekana kwa siku mbili hivi, lakini panabaki alama kwamba kuna kitu kimefutwa, na waliokwisha kupiga picha ya skrini wanayo. Anayefuta kimyakimya anaonekana anaficha. Ni afadhali kuandika tangazo jipya linalotaja wazi lile la zamani.

Kabla ya kuandika, ofisa huyu anapaswa kutenganisha habari na mzaha. Katika tangazo la Jumanne habari ni tatu tu: nani anahama, anahamia wapi, na lini. Hizo zinabaki. Virago, kirikuu, chai na kile kikatuni cha kicheko vinaondoka vyote, maana mzaha mmoja ukisalia, hata kwenye kichwa cha habari, msomaji atauona huo kwanza.

Kisha inakuja kazi ngumu zaidi, ya kuongeza yale ambayo utani haukuyahitaji: sababu, lililoamuliwa na lisiloamuliwa, siku ya taarifa inayofuata, na mtu wa kuulizwa. Tangazo jipya linaweza kusomeka hivi:

“Kwa wafanyakazi wote. Tangazo hili linachukua nafasi ya lile la Jumanne kuhusu ghorofa ya pili. Lile liliandikwa kwa utani usiofaa kwa jambo hili, tunaomba radhi. Ghorofa ya pili itahamia chini Jumatatu, kwa kuwa kampuni inaacha kuikodi ili kupunguza gharama. Menejimenti pia inafikiria kupunguza wafanyakazi. Hakuna uamuzi uliofikiwa kuhusu idadi wala majina. Mazungumzo na chama cha wafanyakazi yataanza Jumatano saa 4 asubuhi, na taarifa ya kikao itatolewa Alhamisi kabla ya saa 6 mchana. Maswali yapelekwe kwa ofisa utumishi.”

Sentensi ya “hakuna uamuzi uliofikiwa” haiwekwi kwa kutuliza watu tu. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza wafanyakazi mara anapolifikiria, kisha ashauriane nao kuhusu sababu, njia za kuliepuka na namna ya kuchagua watakaoondoka. Ukiandika “imeamuliwa” kabla ya mashauriano, umejiandikia ushahidi. Na kama uamuzi umeshapita chini kwa chini, sentensi hiyo isiandikwe. Uongo ulioandikwa kwa lugha ya heshima ni mbaya kuliko mzaha.

Hatari ya pili ni kukimbilia lugha ya mhuri. “Menejimenti inapenda kuwataarifu” inaweka furaha mahali pa wasiwasi. “Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza” ni ya maji kukatika, siyo ya ajira ya mtu. Na “kwa masikitiko makubwa” inamfanya msomaji atafute jina la marehemu.

Atakuwepo wa kusema kwamba kwetu hata msibani watani hutaniana. Ni kweli, lakini mtani anajulikana ni nani, na anayetaniwa ana haki ya kumjibu. Mwajiri aliyeshika mshahara wako si mtani wako; utani wake hapo hauna majibu.

Liko pia suala la mpangilio. Wakuu wa idara waambiwe kabla, na wale wa ghorofa ya pili waelezwe ana kwa ana, ndipo tangazo litoke kwa jina la mkurugenzi. Likitoka kwa ofisa yuleyule aliyetania, wengine watasubiri kicheko kifuate.

Baada ya hapo, matangazo mengine ya kundi hilo, hata ya chai, yaandikwe kwa lugha ya kawaida isiyo na mizaha mpaka mashauriano yaishe. Anayengoja kujua kama jina lake limo hasomi tangazo lolote kwa wepesi.