Menyu ya skrinshoti, watu 12, shilingi 7,200: jinsi ya kuoda bila mtu kulala njaa

Mtu ameweka skrinshoti ya menyu kwenye grupu ya ofisi, kila mtu ameandika "mimi niko poa na chochote", na wewe uliyeshika pesa ndiye unayebaki kupiga hesabu. Kazi yenyewe si ngumu, lakini ina mpangilio wake. Ukianza na nyama choma halafu ndiyo ukumbuke kwamba kuna mwenzenu asiyekula nyama, utajikuta unaongeza pesa kutoka mfukoni mwako.

Tuchukue mfano wa ofisi moja Thika, upande wa Section 9, inayomuaga mwenzao siku ya Ijumaa. Wako 12 na kila mmoja anachanga 600, kwa hivyo bajeti ni 7,200. Kati yao wawili ni Waislamu, mmoja hali nyama kabisa, mmoja ana kisukari na mmoja ana mzio wa njugu karanga. Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu, lakini zinafanana na zile utakazozikuta kwenye hoteli ya kawaida mjini.

Kabla ya kugusa bei yoyote, angalia kile ambacho skrinshoti imekata. Mara nyingi mtu hupiga skrinshoti ya status, na mstari mdogo wa chini kabisa unabaki nje. Mstari huo ndio unaosema kama bei zimejumuisha VAT ya asilimia 16 na ile tozo ya utalii ya asilimia 2 ambayo menyu huiita "catering levy". Menyu nyingi zimejumuisha zote mbili. Ukipata isiyojumuisha, chakula cha 6,260 kitaongezeka kwa zaidi ya 1,100, na bajeti imeisha hapo hapo. Mstari huo huo ndio huwa na bei ya vifungashio vya kubeba. Omba picha nzima, na uulize menyu ni ya lini, kwa sababu skrinshoti haina tarehe na bei ya nyama haingojei mtu.

Sasa geuza picha iwe orodha. Ukifungua picha kwenye Google Photos na kubonyeza Lens, unaweza kunakili maandishi na kuyabandika kwenye notisi za simu. Shida ni kwamba menyu yenye safu mbili husomwa vibaya: unapata majina yote ya vyakula kwanza, halafu bei zote chini, na chakula kimoja kisicho na bei kinatosha kusukuma zote zilizobaki hatua moja. Hesabu majina, hesabu bei. Zisipolingana, usiamini chochote. Kusema kweli, kama vyakula mnavyovitaka havizidi 20, sisi tunaona ni haraka zaidi kuandika kwa mkono. Kwa ofisi yetu orodha ilikuwa hivi: nyama choma ya mbuzi kilo 1,300, pilau ya ng'ombe 350, samaki mzima wa kukaanga 550, robo kuku wa mchuzi 350, ndengu 150, ugali 60, chapati 40, sukuma au managu 80, kachumbari 70, maji nusu lita 60, na maji lita moja 90.

Unapoandika, tafuta maneno "served with". Kama samaki anakuja na ugali tayari, ukiandika ugali tena unaulipia mara mbili. Kwenye mfano wetu kila kitu kinauzwa peke yake.

Hatua inayofuata ni kutoa kwanza pesa ambazo si chakula. Bodaboda ni 250. Vifungashio ni 30 kwa kila mtu, yaani 360. Weka kando 300 za dharura. Kutoka 7,200 unabaki na 6,290, na hiyo ndiyo bajeti yako halisi ya chakula na vinywaji. Watu wengi hugawa 7,200 yote kwa 12, wanaambiana kila mtu ana 600 za kula, na bodaboda akifika getini hakuna wa kumlipa.

Kisha waandikie wale wenye chaguo chache kabla ya wengine wote, kwa sababu wao hawawezi kubadilisha chakula dakika ya mwisho.

Asiyekula nyama anapata chapati mbili, ndengu na managu: 310. Usimpe pilau ukidhani atatoa vipande vya nyama kando. Wali wa pilau huiva kwenye supu ya nyama yenyewe, kwa hivyo kuondoa vipande hakubadilishi kitu. Ndengu nazo uliza zimepikwaje, kwa sababu jikoni zingine hutia supu ya nyama au kiungo chenye ladha ya ng'ombe ili mchuzi uwe mzito.

Mwenye kisukari muulize yeye mwenyewe, maana ndiye anayejua alichoambiwa kliniki. Wa ofisi yetu alichagua robo kuku, managu na ugali mmoja: 490.

Kwa Waislamu wawili, swali la kwanza ni kama hoteli ni halali. Kama jibu halieleweki, samaki ndiye mwepesi kwa sababu hahitaji kuchinjwa. Lakini uliza pia mafuta: kama soseji au bekoni ya nguruwe hukaangwa kwenye karai hilo hilo, samaki naye hafai. Hoteli yetu haipiki nguruwe kabisa, kwa hivyo kila mmoja akapata samaki, ugali na sukuma kwa 690, jumla 1,380.

Watatu wa aina hiyo wamekwisha, watu wanne kwa jumla, na wametumia 2,180. Zimebaki 4,110 za watu wanane, na pia maji ya wote 12.

Mwenye mzio wa njugu anaweza kula choma pamoja na wengine, kwa sababu nyama ya kuchomwa kwa chumvi peke yake haina shida. Hatari yake iko kwenye mboga. Managu na mboga zingine za kienyeji wakati mwingine huungwa kwa njugu zilizosagwa, na huwezi kuona kwa macho zikishachanganyika. Anapata sukuma, na hoteli inaambiwa kwa nini. Hapa usiridhike na "hiyo iko sawa" ya mhudumu. Omba aulize jikoni, na kijiko cha kupakulia sukuma kisiwe kile cha managu.

Jaribio la kwanza la wale wanane lilikuwa choma tu: kilo mbili (2,600), ugali 8 (480), kachumbari 4 (280), sukuma 4 (320). Hiyo ni 3,680. Ukiongeza chupa 12 za maji nusu lita kwa 720, unafika 4,400. Umepita kwa 290.

Wengi hapa hupunguza nyama hadi kilo moja na nusu kwa watu wale wale wanane, na hapo ndipo lawama huanza. Kumbuka kilo ya choma kwa kawaida hupimwa ikiwa mbichi, pamoja na mifupa, na moto nao huchukua sehemu yake. Robo kilo mbichi kwa mtu ni kidogo tayari. Usishuke chini yake. Badala yake punguza idadi ya wanaokula choma. Wawili kati ya wanane walisema pilau ni sawa kwao, na sahani ya pilau inajitosheleza bila ugali wala mboga. Hesabu mpya: choma kilo moja na nusu kwa watu sita (1,950), ugali 6 (360), kachumbari 3 (210), sukuma 4 (320), pilau 2 (700). Jumla 3,540. Maji yakawa chupa sita za lita moja kwa 540, watu wawili kwa chupa, na vikombe vya ofisi vipo. Jumla ya wanane na maji ni 4,080, na 30 zimebaki.

Ukijumlisha yote, chakula na maji ni 6,260, vifungashio 360 na bodaboda 250. Ni 6,870.

Oda usiitume kama orodha ya majina ya watu. Jikoni hawawajui. Tuma idadi kwanza, halafu zile sahani zenye masharti zikiwa zimetengwa:

```
Oda ya Ijumaa, ifike saa 7 mchana, Section 9
Choma mbuzi kilo 1.5, ikatwe mafungu 6
Pilau 2, samaki 2, robo kuku 1, ndengu 1
Ugali 9, chapati 2, kachumbari 3
Sukuma 6, managu 2, maji lita moja 6
A: ndengu + chapati 2 + managu, BILA nyama wala supu ya nyama
B: choma + ugali + sukuma, MZIO WA NJUGU, kijiko tofauti
Andika A na B juu ya vifungashio
Jumla yetu: 6,620 na vifungashio. Thibitisha.
```

Ule mstari wa mwisho ni muhimu. Ukiandika jumla yako, hoteli italazimika kusema kama bei imepanda kabla hujalipa. Wakikuambia 6,900, uliza ni chakula gani kimebadilika. Dharura yako ya 300 inatosha kubeba 280 hiyo, lakini ni vizuri kujua imeenda wapi. Na kama sahani ni tisa za ugali kwenye oda, hesabu tena: sita za choma, mbili za samaki, moja ya kuku. Oda isiyolingana na watu huonekana hapa, bado hujalipa.

Upande wa pesa, usiode kabla michango haijafika. Hesabu waliotuma, si walioahidi. Kwa viwango vya M-Pesa vilivyoanza Julai 2023, kutuma 600 hutozwa 13, na anayetuma ndiye anayelipa, kwa hivyo waambie mapema wawe na 613 kwenye simu. Wewe ukilipa hoteli kupitia nambari ya tili, hutozwi kitu. Wakikupa nambari ya simu ya kawaida, kutuma 6,620 kutakugharimu 78, ambazo hazikuwa kwenye hesabu. Omba tili.

Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Skrinshoti ya menyu huzunguka kwenye magrupu mengi, na mtu anaweza kubadilisha nambari ya malipo kwenye picha bila wewe kujua. Jina la mtu badala ya hoteli si lazima liwe wizi, kwa sababu kibanda kinachotumia Pochi la Biashara huonyesha jina la mwenyewe. Lakini piga simu kwa hoteli kwa nambari uliyoipata kwingine, si ile ya kwenye picha, wakutajie tili yao.

Bodaboda akifika, fungua A na B kwanza mbele yake. Kama kuna supu yenye nyama kwenye ndengu, ndio wakati wa kurudisha. Kila kitu kikiwa sawa, umebaki na 330. Kutuma hadi 100 ni bure, kwa hivyo unaweza kurudishia kila mtu 27 zake bila ada, na 6 zinabaki kwako.