Barua ya mchumba anayekwenda Dubai

"Nitakuwa mwaminifu" ni rahisi kuandika usiku wa kuamkia safari. Uzito wake uko kwenye mistari inayofuata. Chukua mfano wa kijana wa Likoni mwenye mkataba wa ulinzi wa miaka 2 huko Dubai. Posa imekubaliwa, mahari yamelipwa nusu.

"Mpenzi," anaandika, "miezi 3 ya mwanzo usitarajie pesa, nalipa nauli niliyokopa kwa mjomba. Baada ya hapo mahari yaliyobaki nitamtumia baba yako mwenyewe, asipite mtu kati."

Vizuri. Lakini anapendekeza akaunti ya pamoja ya saini mbili, na hapo mpango unakwama: mwenye saini moja yuko ng'ambo. Afadhali akiba ikae kwa jina lake, matumizi ya mchumba yatumwe mbali.

Kuna jambo linalozua ugomvi bure. Katika Falme za Kiarabu, simu za WhatsApp kwa kawaida zimezuiwa. Ujumbe wa maandishi na wa sauti hupita. Asipolisema mapema, ukimya wa wiki ya kwanza utasomwa kama ana mwingine. Kwa hiyo anaahidi: "Kila Ijumaa nitakutumia ujumbe wa sauti, hata nikiwa zamu ya usiku."

Na likizo? Sheria ya huko humpa mfanyakazi siku 30 akitimiza mwaka. Nauli ya likizo ni habari nyingine, hutegemea mkataba. Ndiyo maana nakala ya mkataba imekunjwa ndani ya bahasha hiyohiyo.