Wafanyakazi Wanapopangwa kwa Mgao: Athari kwa Ushirikiano Kazini

Tathmini ya utendakazi hufanywa kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza humpima mfanyakazi kwa malengo aliyokubaliana na msimamizi wake. Njia ya pili humpima kwa kumlinganisha na wenzake, kisha kuwagawa wote kwa viwango vilivyowekwa mapema. Njia hii ya pili ilipata umaarufu katika kampuni ya General Electric ya Marekani chini ya Jack Welch. Asilimia 20 ya wafanyakazi walihesabiwa kuwa bora, asilimia 70 wa kati, na asilimia 10 wa mwisho walitarajiwa kuondoka.

Msingi wake ni mchoro wenye umbo la kengele: watu wengi huwa katikati, wachache pembeni. Mchoro huo huenda ukafaa kwa maelfu ya watu, lakini si kwa kikundi kidogo. Hesabu inaonyesha kwamba ukichagua vikundi 100 vya watu kumi kumi bila mpango, takriban 35 havitakuwa na hata mtu mmoja kutoka asilimia 10 ya mwisho. Hata hivyo, mgao utamlazimisha kila msimamizi kumtafuta.

Chukua mfano wa wasomaji mita kumi wa maji, kila mmoja akiwa na lengo la mita 1,500 kwa mwezi. Wote wamelipita. Aliye nyuma kabisa amesoma 1,520, lakini kwa kuwa lazima mmoja awe wa mwisho, anaandikiwa "duni". Mwaka unaofuata, anayejua mita zilizofichika nyuma ya ua hamwelekezi mwenzake, kwa sababu kumsaidia ni kujishusha mwenyewe. Mita zisizosomwa huongezeka, na anayeumia ni mteja anayetozwa kwa makadirio.

Dalili nyingine ni wafanyakazi hodari kukataa kuwekwa kikosi kimoja, na nafasi ya mwisho kumwangukia mgeni au aliyekuwa likizo ya uzazi. Kampuni ya Microsoft, ambayo wafanyakazi wake walilalamikia mfumo huu kwa miaka mingi, iliuacha Novemba 2013.

Wanaoutetea wana hoja moja ya kweli: wasimamizi wengi huwapa watu wote alama za juu ili kuepuka lawama. Lakini hilo linaweza kurekebishwa bila mgao. Wasimamizi hukutana, kila mmoja akaonyesha ushahidi wa alama alizotoa, na alama zisizo na ushahidi zikabadilishwa.

Mfanyakazi anayetaka kujua anapimwa kwa njia gani anaweza kumuuliza msimamizi wake swali moja: iwapo wote watatimiza malengo, je, wote wanaweza kupata alama nzuri? Jibu likiwa la, kuna mgao.