Usipashe Injini Ndani ya Banda

Asubuhi za Juni na Julai mjini Njombe, baridi huwafanya wenye magari wawashe injini mapema na kuliacha gari sailensa bandani huku wao wakinywa chai. Wengi hukagua rangi ya moshi, na wasipouona huridhika. Lakini gesi inayoua, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu.

Gesi hii hutokea petroli isipoungua ikaisha, na injini ya baridi hupewa petroli nyingi kuliko hewa ya kuiunguza. Masega ya kwenye ekzosi huigeuza kuwa kaboni dioksidi, ila hayafanyi kazi vizuri mpaka yapate joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi. Gari lililotolewa masega halina kinga hiyo hata likishapata moto.

Tupige hesabu. Banda la mita 3 kwa 6, lenye kimo cha mita 2.5, hubeba lita 45,000 za hewa. Tuseme injini ndogo isiyo na masega inatoa lita 200 za moshi kwa dakika, na asilimia 4 yake ni gesi hiyo: ni lita 8. Baada ya dakika 10 zimefika 80, karibu asilimia 0.18 ya hewa ya banda. Kiwango hicho huleta maumivu ya kichwa na kizunguzungu ndani ya dakika 20, na chaweza kuua ndani ya saa mbili. Kufungua mlango nusu hakutoshi. Uzito wa gesi hii unakaribiana na wa hewa, hivyo huchanganyika nayo na kupenya hadi jikoni.

Mwilini, gesi hii huing'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, hutapika na kuishiwa nguvu, akadhani ni malaria. Dalili ya kushtukia ni watu kadhaa wa nyumba moja kuugua pamoja bila homa, kisha kupata nafuu wakitoka nje. Kipimo cha kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa, kwa sababu hakitofautishi gesi hizo mbili, kwa hiyo mwelezeni daktari kwamba gari lilikuwa likiunguruma ndani. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya gesi hutoka damuni baada ya saa nne au tano. Kwa oksijeni ya hospitali, saa moja na nusu hivi.

Kinga ni kulitoa gari nje mara tu linapowaka. Injini za sasa hazihitaji kupashwa muda mrefu: subiri nusu dakika, kisha endesha taratibu bila kukanyaga sana mafuta. Injini hupata joto upesi zaidi ikiwa mwendoni, masega huanza kazi mapema, na petroli haiteketei bure ukiwa umesimama.