Koti la Pamba Halikatwi kwa Vipimo vya Shati

Njombe mwezi wa Juni na Julai ni baridi ya kuumiza mifupa, na asubuhi nyingine sakitu hutanda juu ya majani. Ndiyo misimu ambayo wateja huagiza koti zito, lenye kitambaa cha nje, pamba ya polista katikati na bitana ndani. Fundi anaweza kuwa na karatasi ya shati iliyomkaa vizuri mteja huyohuyo, akaamua kuongeza kidogo pande zote na kukata. Kifuani koti linakubali. Mikononi linakataa: mteja anavaa kwa kujisukuma, na akiukunja mkono kiwiko kinabana.

Sababu ni hesabu ya mzunguko. Pamba ya sentimita 1 inakaa sentimita 1 upande huu wa mkono na sentimita 1 upande wa pili, kwa hiyo upana unaongezeka sentimita 2. Mzunguko ni upana huo mara 3.14, yaani sentimita 6 na ushei. Na sentimita hizo 6 hazijali ukubwa wa kitu kinachozungukwa. Kifua cha sentimita 100 kinadai 6, na mkono wa sentimita 32 unadai 6 zilezile. Kwenye kifua nyongeza hiyo ni ndogo, lakini kwenye mkono ni karibu sehemu moja ya tano. Ndiyo maana kumpa mtu saizi moja kubwa zaidi hakumsaidii sana: kifua hupanda sentimita 4 au 5, wakati mkono huongezeka 2 hivi tu.

Tuchukue mteja ambaye mkono wake, pale penye unene juu ya kiwiko, una sentimita 32. Shati lake lina 38 hapo, na lina nafasi ya kutosha. Atavaa sweta jepesi ndani, ambalo ni milimita 3 hivi, sawa na sentimita 2 za mzunguko. Pamba ni sentimita 1, kwa hiyo ongeza 6. Kitambaa cha nje kiwe na sentimita 46, kabla ya kuweka nafasi ya mshono. Unene wa pamba upimwe ikiwa imelala mezani bila kukandamizwa. Ukiibana kwa vidole utapata nusu yake, na koti litakuwa dogo.

Bega lina kanuni yake. Pale juu pamba haizunguki, bali inalala juu ya mfupa, hivyo nyongeza ni unene wenyewe tu. Inua mstari wa bega sentimita 1 kwenye kipande cha mbele na 1 kwenye cha nyuma, kisha urefushe ncha ya bega sentimita 1 kuelekea mkononi. Shingo nayo ifunguliwe kidogo, la sivyo kola itakaba juu ya sweta.

Kwenye kwapa ndipo mafundi wengi huteleza. Tundu la mkono lishushwe, ndiyo, kwani pamba inahitaji mahali pa kukaa, lakini sentimita 2 na nusu zinatosha. Ukilishusha zaidi kwa kudhani unampa mtu uhuru, unamnyang'anya: akiinua mkono kushika bomba la daladala, koti lote linapanda na kiuno kinabaki wazi. Kwa mteja wetu, tundu la sentimita 48 litafika kama 54. Ile kuba ya juu ya mkono wa koti ipimwe kwa tepu ilingane na 54 hizo kamili. Kitambaa chepesi humezwa kidogokidogo kwenye mshono, lakini chenye pamba kikizidi hufanya matuta yasiyopigika pasi.

Kama koti litashonwa mistari ya kushikiza pamba, shona mistari kwanza kwenye kipande kikubwa, ndipo ukate. Mistari hiyo hupunguza kitambaa, na kiasi hutegemea unene wa pamba na ukaribu wa mistari. Jaribu kwanza kwenye kipande cha sentimita 30 kwa 30, ukipime tena baada ya kushona.

Koti likishaunganishwa, mwambie mteja akunje mkono, halafu ubane kitambaa cha nje juu ya kiwiko. Kikishikika kwa vidole viwili, upana upo. Mikunjo inayotoka kwenye ncha ya bega kuelekea shingoni inasema bega halikuinuliwa vya kutosha. Na pamba iliyolala bapa mkononi ni dalili mbaya kuliko zote, kwani kinacholeta joto ni hewa iliyonaswa ndani yake. Koti linalobana huikamua hewa hiyo, na mteja atakuwa amelipia pamba nzito na bado anatetemeka. Kwa hiyo fundi, kabla hujachukua mkasi, mwambie mteja aje amevaa sweta lake, umpime mkono juu yake.