Jedwali la Istilahi kwa Mpokeaji Maziwa Mpya

Katika kituo cha kukusanyia maziwa, foleni ya asubuhi haina subira. Madumu na keni zinashushwa kutoka kwenye baiskeli na bodaboda, lori la kiwanda linangojewa, na kila mfugaji anataka maziwa yake yapimwe yakiwa bado mazuri. Mpokeaji aliyeajiriwa wiki hiyo anasikia wenzake wakisema “laktomita inasoma 25 na nusu”, “yamekatika kwa alkoholi”, “hiyo ni dang’a”. Baada ya siku mbili naye anayasema maneno hayo. Kuyasema si kazi. Kazi ni kujua kila neno linamruhusu kuamua nini kuhusu keni iliyo mbele yake.

Ndiyo maana vituo makini humpa mfanyakazi mpya jedwali la istilahi lenye safu nne: neno, maana, mfano na neno jirani. Safu mbili za kwanza hazimsumbui mtu kuziandika. Jedwali hufaulu au hushindwa katika hizi mbili za mwisho, na laktomita inatosha kuonyesha sababu.

Laktomita ni kifaa cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Huonyesha maziwa yana uzito gani kuliko maji ya ujazo uleule. Ikisoma 28, maana yake lita moja ya maziwa hayo ina uzito wa karibu kilo 1.028. Maziwa ya kawaida ya ng’ombe, yakiwa na joto la nyuzi 20 za Selsiasi, husoma kati ya 26 na 32. Yakiongezwa maji, namba hushuka.

Maana hiyo ni sahihi, lakini mpokeaji mpya akiishika peke yake anaweza kumkosea mtu. Tuseme mama mmoja ameleta lita 10. Mpokeaji anayakoroga taratibu, anayamimina kwenye silinda kwa kuyateremsha ubavuni ili yasifanye povu, anaizamisha laktomita na kuiacha itulie. Inasoma 25.5. Kwa kuwa ni chini ya 26, anamrudishia dumu lake. “Mwanangu, sijatia hata tone la maji,” anasema mama, na anasema kweli. Kipimajoto kilikuwa kinaonyesha nyuzi 24. Maziwa yakiwa ya moto hutanuka na kuwa mepesi, na laktomita huzama zaidi. Kwa laktomita iliyosanifiwa kwa nyuzi 20, kila nyuzi moja inayozidi huongezewa 0.2, na kila inayopungua hutolewa 0.2. Hapa nyuzi zimezidi nne, kwa hiyo tunaongeza 0.8 na kupata 26.3. Maziwa ya mama yanapokelewa.

Hesabu kama hiyo ndiyo inayostahili kukaa kwenye safu ya mfano. Sentensi ya aina ya “laktomita hutumika kupima maziwa” hurudia maana kwa maneno mengine tu. Mfano mzuri una namba, hatua moja ya kutenda, na uamuzi mwishoni: pokea, kataa au pima tena.

Safu ya neno jirani nayo huzuia kosa la aina nyingine, lile la kuchukua neno moja mahali pa lingine. Fikiria kipimo cha alkoholi. Mpokeaji huchanganya maziwa na alkoholi ya asilimia 68 kwa kiasi sawa, kwa mfano mililita 2 kwa 2, kwenye neli ndogo ya kioo, kisha anaitikisa na kutazama ukutani mwa neli. Vikionekana vipande vidogo vilivyoganda, maziwa yameshindwa. Mgeni huandika haraka kwenye daftari: “yamechacha”. Hapo amekwenda mbali kuliko kipimo chenyewe. Maziwa yaliyoanza kuchacha kweli hushindwa kipimo hiki, lakini dang’a nayo hushindwa, na maziwa ya ng’ombe mwenye ugonjwa wa kiwele yanaweza kushindwa pia. Ushauri kwa mfugaji hutofautiana kabisa. Wa kwanza anahitaji kusafisha vyombo na kuwahisha maziwa kituoni. Wa pili amwachie ndama maziwa ya siku za mwanzo. Wa tatu amwite daktari wa mifugo. Akiambiwa tu kwamba maziwa yake yamechacha, mwenye ng’ombe mgonjwa atasugua keni wiki nzima huku kiwele kikizidi kuharibika.

Jedwali fupi la siku ya kwanza linaweza kuwa hivi:

| Neno | Maana | Mfano | Neno jirani na tofauti yake |
|---|---|---|---|
| Laktomita | Kifaa kinachoonyesha uzito wa maziwa ukilinganishwa na maji | Inasoma 29, maziwa yana nyuzi 18. Toa 0.4, jibu ni 28.6. Pokea. | Kipimajoto: bila hicho, namba ya laktomita haijakamilika |
| Kipimo cha alkoholi | Kuchanganya maziwa na alkoholi kwa kiasi sawa ili kuona kama yataganda | Vipande vimeonekana. Usipokee, muulize mfugaji ng’ombe amezaa lini. | Kipimo cha kuchemsha: hunasa maziwa yaliyochacha zaidi; alkoholi hunasa mapema |
| Dang’a | Maziwa ya siku za mwanzo baada ya ng’ombe kuzaa | Ng’ombe amezaa juzi, maziwa ni mazito na ya manjano. Usipokee. | Maziwa yaliyochacha: nayo huganda kwa alkoholi, ila chanzo ni bakteria |
| Kuengua | Kuondoa malai juu ya maziwa | Laktomita inasoma 34 kwa nyuzi 20. Peleka sampuli ikapimwe mafuta. | Kuongeza maji: hushusha namba; kuengua huipandisha |

Mstari wa mwisho unafungua jambo ambalo mpokeaji mpya asipoambiwa mapema atalijua kwa hasara. Malai ni mepesi kuliko sehemu nyingine ya maziwa, kwa hiyo yakienguliwa, maziwa yanayobaki huwa mazito na laktomita hupanda. Mtu mjanja akishaengua anaweza kuongeza maji kidogo, namba ikarudi 29, na kifaa kisione kitu. Hata bila kuengua, chukua lita 9 za maziwa yanayosoma 30 na uongeze lita moja ya maji: utapata lita 10 zinazosoma karibu 27. Yamepita. Kwa hiyo kwenye mstari wa laktomita ni vizuri kuandika wazi kwamba kusoma 26 au zaidi hakuthibitishi kuwa maziwa hayana maji. Mfugaji ambaye maziwa yake husoma 30 kila siku na leo ghafla ni 27 anastahili kuulizwa, ingawa kiwango amekifikia.

Anayeandika jedwali aanze na makosa yaliyomo kwenye daftari la mapokezi, si na kitabu. Maneno yaliyosababisha maziwa mazuri kukataliwa, au mabaya kumwagwa kwenye tangi pamoja na ya wenzao, ndiyo yatangulie. Mistari kumi inatosha kwa wiki ya kwanza. Kila maana isomwe na mtu asiye wa kituoni. Akikwama kwenye neno, neno hilo ama liandikiwe mstari wake ama libadilishwe.

Kulijaribu jedwali nako kuna namna yake. Mwulize mgeni “laktomita ni nini?” naye atakukariria. Badala yake mpe keni yenye maziwa ya nyuzi 25 yanayosoma 25.5, pamoja na neli yenye vipande vilivyoganda, kisha mwache aandike daftarini uamuzi wake na atakachomwambia mwenye maziwa. Kwa keni anatakiwa afike 26.5 na kupokea. Kwa neli anatakiwa aandike “yameshindwa alkoholi”, kisha aulize kuhusu kuzaa na afya ya kiwele kabla ya kutaja kuchacha. Akikosea moja kati ya hayo, tazama kwanza mstari husika wa jedwali: mara nyingi utakuta mfano hauna namba, au neno jirani halikuandikwa.